Kepsheni zangu za mafuta ya ngozi zinasomeka kama zimeandikwa na watu watatu. Nifanyeje ziwe na sauti moja?

#1 Mama_Otuke

Habari zenu. Nauza moo yaa, yaani mafuta ya shea ya kwetu kaskazini, pamoja na sabuni yake na mafuta ya midomo. Mali inatoka Otuke, napakia Kampala, nauza kwa Instagram na stetasi ya WhatsApp. Kepsheni tunaandika watatu: mimi, mpwa wangu aliye chuoni, na kijana ninayemlipa kila mwezi. Juzi mteja wa siku nyingi kaniuliza kama nimeuza biashara. Hizi hapa ni za wiki moja, bidhaa ile ile:

Yangu: "Moo yaa mpya imefika kutoka Otuke. Inanukia moshi kidogo, ndivyo ilivyo ikikaangwa kienyeji. Gramu 200 ni 20,000."

Ya mpwa: "Malkia wanguuu 😍🔥 ngozi ya kung'aa kama kioo ndani ya siku 3!!! Wahi kabla haijaisha!!!"

Ya kijana: "Kampuni yetu inajivunia kuwaletea bidhaa asilia za kiwango cha juu zinazokidhi mahitaji yote ya ngozi yako."

Najua tatizo lipo, ila sijui naanza kulishika wapi. Nikiwaambia "andikeni kama mimi" wanacheka, wanasema wewe unaandikaje hasa?

#2 KikuuboBoy

Mama, hii ni rahisi. Tengeneza kiolezo kimoja. Kila kepsheni ianze na salamu ile ile, emoji zile zile tatu, halafu bei na namba ya simu. Watu wakizoea, hiyo ndiyo sauti yako. Na uandike Kiingereza tupu, Kampala mwenye hela anasoma Kiingereza. Mimi nauza losheni za jumla Kikuubo, nafanya hivyo kila siku na mzigo unatoka.

#3 Fundi_Vibandiko

Mama Otuke, rangi zako ni zipi? Ukiwa na kijani na kahawia kila mahali, picha hadi kibandiko cha kopo, mtu atakujua hata kwa mbali. Tafuta mchoraji akupe nembo safi, halafu uchapishe vibandiko visivyoingia maji, maana mafuta yanaharibu karatasi ya kawaida.

#4 KikuuboBoy

@Fundi_Vibandiko mzee, umesoma kichwa cha uzi au umeona neno "mafuta" ukakimbilia kuuza vibandiko? 😂 Anauliza maneno.

#5 Mhariri_Jinja

Mama, karibu. Nimeandikia biashara ndogo za sabuni na mafuta kwa miaka kadhaa, nichangie kidogo.

KikuuboBoy ana nusu ya ukweli: mpangilio unaofanana husaidia jicho. Lakini kiolezo hakikupi sauti. Chukua kepsheni ya mpwa na ya kijana, zianzishe kwa salamu moja na uzimalizie kwa namba moja ya simu, bado zitasikika watu wawili, kwa sababu tofauti iko katikati: mmoja anaahidi kioo, mwingine anajivunia kampuni. Halafu salamu ya kila siku ina gharama yake. Instagram inaonyesha herufi kama 125 tu za mwanzo, zilizobaki zinafichwa nyuma ya "more". Ukitumia 40 kwa salamu na emoji, mteja haoni hata unauza nini.

Sauti usiitunge. Tayari unayo, iko kwenye majibu unayowapa wateja. Fungua WhatsApp, tafuta mahali mteja alipokuuliza jambo na wewe ukajibu bila kufikiria kama ni tangazo. Kama ni ujumbe wa sauti, uandike neno kwa neno. Tuletee mitatu minne, ukiweza mmoja wa mteja aliyekasirika.

#6 Mama_Otuke

Asante. Nimeandika kama nilivyosema:

Aliyeuliza kama inafaa kwa uso: "Dada, uso wako ukiwa na chunusi usianze na uso. Anza na miguu na mikono. Usoni jaribu kidogo tu karibu na sikio, uone siku chache."

Aliyelalamika imekuwa chengachenga: "Ni joto hilo. Iliyeyuka njiani ikaganda polepole, ikatengeneza punje. Haijaharibika. Weka kopo ndani ya maji ya moto, iyeyuke yote, uitie kwenye friji haraka, itarudi laini."

Aliyetaka kopo kubwa: "Wewe ni mmoja, chukua ndogo kwanza. Paka ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na maji maji, utaona inatosha kidogo tu."

Aliyekasirika kwa kuchelewa: "Ni kweli imechelewa. Mzigo umelala Lira, basi halikuondoka. Kesho saa nne utakuwa nao, ukikosa nakurudishia pesa."

#7 Mhariri_Jinja

Hapo sasa. Someni haya majibu manne kwa pamoja kabla hamjaendelea chini.

Ninaona mambo manne yanayojirudia. La kwanza, anaanza na jambo lenyewe: joto, uso, mzigo umelala Lira. Hana utangulizi. La pili, karibu kila jibu lina kitendo ambacho mteja anaweza kukifanya leo, na kina kipimo au mahali: karibu na sikio, maji ya moto, kidogo tu. La tatu, anasema mpaka wa bidhaa kabla hajaulizwa. Amemwambia mteja asianze na uso, amemwambia mwingine anunue ndogo. Hiyo ndiyo tabia iliyo adimu zaidi hapa, na ndiyo inayomfanya aaminike. La nne, hapandishi sauti. Hakuna alama ya mshangao hata moja, na sifa anazotumia ni za kugusika: laini, chengachenga, moshi.

Kwa hiyo mpwa akiuliza "unaandikaje hasa", jibu lisiwe "kirafiki na kitaalamu". Maneno hayo hata kijana anaamini ameyafuata. Kila tabia ipewe mpaka wake: mkweli, lakini hamtishi mteja. Anafundisha, lakini si mwalimu wa darasani. Ana upole wa mtu mzima, lakini habembelezi. Chini ya kila moja, weka sentensi yake halisi na sentensi ambayo asingeisema kamwe. Mtu anayesaidia kuandika anajifunza kwa mifano miwili inayogongana kuliko kwa sifa kumi.

#8 Famasi_Ntinda

Naomba niingilie kwa jambo ambalo linaonekana la sheria lakini ni la sauti pia.

"Kung'aa kama kioo ndani ya siku 3" iondoke leo hii. Kwa soko letu, neno "kung'arisha" mtu analisoma kama kujichubua. Anayelitafuta anataka mkorogo, na shea haitampa anachotaka, kwa hiyo atarudi kulalamika. Asiyetaka kujichubua naye atakimbia akidhani umeweka haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu. Umepoteza wote wawili kwa neno moja.

La pili, msiandike "inatibu" wala "inaponya", iwe ukurutu, fangasi au kitu kingine. Ukisema unatibu ugonjwa, umeingia upande wa dawa, na dawa ni shughuli ya NDA, mamlaka ya dawa, si ya UNBS, shirika la viwango. Kipodozi kinasema kinalainisha, kinapunguza ukavu, kinazuia maji yasitoke haraka kwenye ngozi. Hayo ni kweli na yanatosha.

Na shea si krimu ya jua. Nimeona kepsheni nyingi za watu wakidai hivyo. Kinga yake ni ndogo mno kumwambia mtu, hasa mwenye ualbino, aitegemee.

#9 KikuuboBoy

Mfamasia, nakuheshimu, lakini mkitoa "siku 3", mkitoa "kung'aa", mkitoa "asilia bila kemikali", kinabaki nini? Mtu ananunua ndoto. Pia hiyo UNBS ni kwa wenye maduka na viwanda, anayeuza Instagram hawamhusu.

#10 Famasi_Ntinda

Inawahusu. Kinachoangaliwa ni bidhaa, si dirisha unalouzia. Kopo ni lile lile ukiuzia dukani au kwa simu, na viwango vya vipodozi ni vya lazima. Wana ofisi Bweyogerere, Mama Otuke aulize huko kuhusu alama ya ubora, na wanawasaidia wafanyabiashara wadogo kupitia hatua zake.

"Bila kemikali" nayo haina maana, maji yenyewe ni kemikali. Kama hakuweka manukato wala rangi, aseme "hatujaweka manukato wala rangi". Hapo mteja mwenye ngozi nyepesi kuwasha kapata habari anayoihitaji.

#11 Mpwa_Mwenyewe

Shikamooni. Mimi ndiye mpwa. Shangazi kanitumia uzi huu, nimesoma hadi hapa.

Siku 3 nakubali, nilikopi kwa ukurasa mwingine. Lakini hebu tuseme yote: zile zangu za "malkia" ndizo zinazopata likes. Za shangazi zinapata chache sana. Kama sauti yake ndiyo nzuri, mbona watu wanapenda yangu? Na wanaonunua mafuta ya midomo ni wasichana wa hosteli, wenzangu. Wakisoma "ndivyo ilivyo ikikaangwa kienyeji" wanaona bibi anaongea.

#12 Mhariri_Jinja

Mpwa, marahaba. Swali lako ni la haki, na ni zuri kuliko mengi yaliyoulizwa hapa.

Angalia kinachofuata baada ya like. Chukua kepsheni zako na za shangazi za mwezi uliopita, uone ni zipi zilileta mtu inboksi akiuliza jambo mahususi, na nani kati yao aliagiza mara ya pili. Likes zinaweza kuwa za picha. Ulitumia picha za nani?

#13 Mpwa_Mwenyewe

Za rafiki yangu, usoni. Shangazi anapiga kopo mezani.

#14 Mhariri_Jinja

Basi tuna vitu viwili vilivyochanganyika, na hatuwezi kuvitenganisha kwa kubahatisha. Wiki ijayo weka picha ya rafiki yako na maneno ya mtindo wa shangazi. Siku nyingine kopo mezani na maneno yako. Hapo tutajua picha imefanya nini na maneno yamefanya nini.

#15 Mama_Otuke

Naongeza moja. Waliokuja kwa "siku 3" wengi waliuliza "kweli siku 3?" nikawaambia hapana, wakanyamaza. Wachache walionunua sijawaona tena. Wa kwangu wanarudi kopo likiisha.

Lakini sitaki mpwa adhani namfukuza. Wasichana wa hosteli siwajui, yeye ndiye anawajua.

#16 Nyumbani_Bombo

Salaam. Mimi niko Bombo, mume wangu ni mwanajeshi, natengeneza sabuni ya mche na ya maji. Nina kisa kinachohusu hili.

Tulikubaliana na dada yangu kwamba sauti yetu ni ya uchangamfu: vicheko, "wapendwa", emoji za maua. Tukaishika kweli kweli. Mteja mmoja akaandika chini ya picha kwamba sabuni imemkausha mikono hadi ikapasuka. Dada akajibu kwa sauti yetu ile ile: "Wooi mpendwa 🌸🌸 pole jamani, jaribu na losheni yetu mpya!" Yule mama alipiga picha ya jibu akaisambaza kwenye kikundi cha kambi. Mauzo ya kambini yalisimama. Sasa nauliza, kama sauti lazima iwe ile ile kila mahali, mbona ilitumaliza?

#17 KikuuboBoy

Hapo mlifunguliwa mashtaka ya kijeshi 😂 Pole lakini dada. Ni kwa sababu mlimuuzia kitu juu ya jeraha.

#18 Mhariri_Jinja

KikuuboBoy kasema jambo la kweli, ila kuna na hili. Tabia ya mtu haibadiliki, lakini namna anavyoongea msibani si ile ya harusini. Mlichokiita sauti kilikuwa ni hali moja tu, furaha. Furaha haiwezi kujibu malalamiko.

Ndiyo maana nilimwomba Mama Otuke jibu la mteja aliyekasirika. Rudini #6: "Ni kweli imechelewa. Mzigo umelala Lira." Anaanza na jambo lenyewe kama siku zote, ana saa kamili kama siku zote, anasema mpaka wake kama siku zote. Kilichobadilika ni kwamba neno "dada" limetoka na sentensi zimekuwa fupi zaidi. Sauti imebaki, hali imeshuka.

Kwa hiyo kwenye karatasi yenu andikeni mifano minne ya hali: mzigo mpya, somo la matumizi, bei kupanda, lalamiko. Kwa sabuni yako, dada wa Bombo, jibu lingeanza hivi: "Pole. Acha kuitumia kwanza." Halafu umuulize alikuwa anaosha nini na mara ngapi kwa siku. Bidhaa nyingine isitajwe kabisa. Na kama hujui kwa nini imemkausha, kaangalie hesabu ya magadi kwenye fomula yako kabla hujaandika neno lolote la kumtuliza.

#19 Nyumbani_Bombo

Hiyo ya magadi nimeisikia. Asante.

#20 Binti_Arua

Mimi nina tatizo na #2 kuhusu Kiingereza tupu. Kwetu Arua sokoni watu wanaongea Kiswahili, Kilugbara, Kiarabu cha Kinubi, na anayekuja kutoka Kongo anaongea Kiswahili chake. Ukiniandikia Kiingereza tupu naona umeniandikia barua ya benki. Kampala nako mtu anasoma Kiluganda kwanza.

Ila nashindwa na hili: shangazi akiandika Kiswahili, mpwa Kiingereza, na kijana Kiluganda, je, hiyo bado ni sauti moja?

#21 Goma_Nakivale

Jambo. Niko kambi ya Nakivale, nauza marashi na mafuta kidogo. Hapa mukisema "shea" wengi hawajui, sisi tunaita karite. Na mukisema moo yaa ndiyo hawajui kabisa. Mimi naandikaka majina yote mawili kwa picha, kisha kwa maneno naendelea na moja.

#22 KikuuboBoy

Lakini karite inatoka Afrika Magharibi, ile ya Ghana na Burkina. Yetu ni kitu kingine.

#23 Mama_Otuke

Mti ni mmoja, jamii mbili. Yetu inaitwa nilotica. Mafuta yake ni laini zaidi kuliko ya magharibi, yana sehemu kubwa ya mafuta yanayobaki maji maji, ndiyo maana kwenye joto yanakuwa karibu kumwagika. Goma hajakosea kuyaita karite.

Na hili linaniingia kwenye kepsheni. Mtu aliyezoea ile ngumu ya Ghana akipata yangu imelegea anadhani nimechanganya na mafuta ya kupikia. Lazima niseme kabla hajafungua kopo.

#24 Mhariri_Jinja

Mama, ulichoandika hapo juu ni kepsheni tayari. Hebu tuifanye pamoja watu waone, halafu turudi kwa lugha.

Kijana angeandika: "Bidhaa yetu ina ulaini wa kipekee unaotokana na teknolojia ya asili." Mpwa angeandika: "Laini kama hariri malkia 😍". Kwa sauti yenu:

"Kopo likifika limelegea, halijachanganywa. Shea ya kaskazini ni laini kuliko ya Ghana, na kwenye joto inakaribia kumwagika. Iweke mahali pa baridi usiku mmoja, asubuhi itashika. Gramu 200, 20,000."

Sentensi ya kwanza ina herufi chini ya 50, kwa hiyo inaonekana yote kabla ya "more", na ndiyo inayojibu hofu ya mteja. Ya pili inatoa sababu. Ya tatu ni kitendo. Bei mwisho. Hakuna sifa ambayo mteja hawezi kuihakikisha kwa kidole.

Kwa wasichana wa hosteli, mpwa anaweza kuandika: "Midomo ikipasuka usiilambe. Paka hii kabla ya kulala, kiasi cha punje ya mchele. Haina rangi, haina harufu ya peremende." Ni mtu wa rika lao anayeongea, lakini bado anaanza na jambo, ana kipimo, ana mpaka. Shangazi angeitambua.

Kuhusu lugha, Binti Arua, kwangu mimi zile tabia nne zinavuka lugha zote, kwa hiyo tatu zinawezekana. Sharti ni kwamba kila kepsheni iwe na lugha moja inayoibeba, na asitafsiri mtu neno kwa neno. Aandike upya kama anavyomwambia mteja wa lugha hiyo.

#25 Binti_Arua

Sikubaliani sana. Biashara ya watu watatu haiwezi kukagua lugha tatu. Mama Otuke atajuaje kama Kiluganda cha kijana kimesema "inatibu"? Bora lugha moja wanayoijua wote, na zile nyingine ziwe za kujibu inboksi.

#26 Famasi_Ntinda

Hapo niko na Binti Arua. Nimeona kibandiko cha Kiingereza kinasema kulainisha, na kepsheni ya Kiluganda ya mtu yule yule inasema inaponya.

#27 Fundi_Vibandiko

Mmenicheka pale juu, lakini sasa mmefika kwangu. Kibandiko ndiyo kepsheni ambayo haifutiki. Juzi nimeletewa kazi ya kuchapisha, kopo limeandikwa "mrembo wa asili, tiba ya ngozi zote", na ukurasa wao wanajiita wakweli. Nikawaambia nikichapa hizi mia tano mtashindwa kuzibandua. Mama Otuke, kibandiko chako kinasemaje?

#28 Mama_Otuke

Kinasema "Siri ya urembo wa Afrika". Alikiandika kijana.

#29 KikuuboBoy

Siri gani na unamwambia kila mtu 😂

#30 Fundi_Vibandiko

Vikiisha vilivyopo, badilisha. Weka jina, "mafuta ya shea, Otuke", uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, namba ya toleo, na mahali ulipo. Mstari mmoja wa matumizi: "Paka ngozi ikiwa na unyevu." Siri iache.

#31 Mama_Otuke

Nimekaa na mpwa na kijana jana jioni. Tumeandika hii, tumeibandika juu ya kikundi chetu cha WhatsApp. Naomba mnisahihishe.

"Anza na jambo, salamu hapana. Toa kitendo kimoja na kipimo chake. Sema kinachoweza kumshangaza mteja kabla hajakiona: moshi, chenga, kulegea. Sifa ziwe za kugusa na kunusa tu.

Tunasema: inalainisha, inapunguza ukavu, haina manukato, kidogo kinatosha. Hatusemi: inatibu, inang'arisha, inatoa madoa, siku 3, bila kemikali, malkia, kampuni yetu inajivunia.

Emoji moja au hakuna. Kwenye lalamiko, hakuna. Lalamiko anajibu Shangazi peke yake.

Anayeandika asome kwa sauti kabla ya kupandisha. Kama huwezi kumwambia mteja maneno hayo akiwa amesimama mbele yako, futa."

Kisha tukafanya jaribio. Kila mmoja kaandika kepsheni ya sabuni, tukachanganya bila majina, tukampa jirani aseme nani kaandika nini. Ya kijana kaijua mara moja.

#32 Mhariri_Jinja

Karatasi ni nzuri, iacheni ibaki fupi hivyo. Ya kijana ilisemaje?

#33 Mama_Otuke

"Sabuni hii imetengenezwa kwa kuzingatia mahitaji ya ngozi kavu. Inashauriwa kuihifadhi mahali pakavu ili idumu."

#34 Mhariri_Jinja

Unaona, amefuata kila sheria: hakuna salamu, kuna kitendo, hakuna uongo. Kilichomfichua ni "imetengenezwa" na "inashauriwa". Hakuna mtu ndani ya sentensi zake. Nani katengeneza, nani anashauri? Wewe ungesema "iache ikauke juu ya kitu chenye matundu, ikikaa kwenye maji inaisha wiki moja". Ongezeni mstari mmoja: asemaye na anayeambiwa waonekane.

#35 Nyumbani_Bombo

Hapo ndipo nilipotaka kuuliza. Aseme "mimi" au "sisi"? Kwangu naona "sisi" inaficha.

#36 Binti_Arua

"Sisi" ni heshima. Mafuta ya Otuke yanakamuliwa na kina mama wengi, akisema "mimi" atakuwa amewafuta.

#37 KikuuboBoy

Sema "sisi", siku ukitaka mkopo benki wakuone mkubwa.

#38 Mpwa_Mwenyewe

Mimi naona "mimi" kwa shangazi tu, sisi wengine tusitumie kabisa, tuongee na mteja moja kwa moja: paka, weka, jaribu. Nikiandika "mimi nimetoka Otuke" nitakuwa nimedanganya, nimezaliwa Kampala.

#39 Mhariri_Jinja

Ya mpwa ndiyo ningeichukua, ingawa Binti Arua ana hoja kuhusu kina mama. Wao wanaweza kutajwa kwa kazi yao: "wanaotukamulia Otuke wanakaanga kwa kuni". Ila Nyumbani Bombo, wewe unayetengeneza peke yako, sema "mimi" bila wasiwasi.

#40 Mpwa_Mwenyewe

Nimeleta matokeo ya #14, ingawa ni mapema. Picha ya rafiki na maneno ya mtindo wa shangazi: likes zimepungua kidogo, lakini inboksi wameuliza ukubwa na hosteli gani ninapeleka. Kopo mezani na "malkia": kimya kabisa. Nadhani ilikuwa picha muda wote. Ila shangazi kanikubalia nibaki na emoji moja.

#41 KikuuboBoy

Siku mbili hazithibitishi kitu. Rudia wakati wa mshahara.

#42 Afisa_Gari

Samahani nimechelewa uzini. Mimi ni dereva wa lori, Mutukula hadi Elegu, visigino vimepasuka vibaya. Nimesoma zote, na hamna hata kepsheni moja inayoongea na mwanaume. Zote ni dada, malkia, hosteli. Hii inafaa visigino?

#43 Mama_Otuke

Inafaa ukavu na mpasuko mdogo, kaka. Loweka miguu dakika kumi, sugua polepole, futa ibaki na unyevu, paka nene, vaa soksi ulale nazo. Kama mpasuko unatoa damu au usaha, au una kisukari, nenda kituo cha afya kwanza, usipake yangu.

#44 Mpwa_Mwenyewe

Shangazi, hiyo naipandisha ilivyo. Natafuta picha ya viatu vya dereva. "Kaka" niiache au niitoe?

#45 Binti_Arua

Iache. Na "dada" nayo itoke kwenye zile nyingine zote, vinginevyo wanaume watadhani duka si lao.

#46 Nyumbani_Bombo

Mimi nasema "dada" ibaki inboksi tu, unapojua unaongea na nani. Kwenye kepsheni humjui msomaji.